Mrejesho: kreni iliyokuwa inasimama katikati ya karakana

Niliuliza: "Kreni ya juu inawasiliana na kidhibiti kikuu kwa waifai. Ikifika katikati ya karakana, mawasiliano ya PROFINET yanakatika na kreni inasimama. Ni mwingiliano wa mawimbi?"

Wakuu, limeisha, na tatizo halikuwa mwingiliano. Aliyeniambia niandike kila mahali inapokatikia kaniokoa: ikienda mbele ilikata karibu na nguzo ya 9, ikirudi ikakata nguzo ya 5. Mwingiliano kwa kawaida hauchagui mwelekeo. Kumbe redio ya kreni ilikuwa inang'ang'ania kituo cha waifai inachokiacha nyuma mpaka mawimbi yanakaribia kuisha, ndipo inaanza kutafuta kingine, tena kwa kupekua chaneli zote. Kuhama kulichukua milisekunde 300 hivi. Data yetu inapita kila milisekunde 32. Ikikosekana mara 3 mfululizo, yaani milisekunde 96, kidhibiti kinaona kreni imepotea.

Nimeiachia ipekue chaneli 36 na 44 tu, za vituo vyetu viwili, na ihame mawimbi yakishuka hadi -68 dBm badala ya -82. Sasa inahama kwa milisekunde 40 hivi. Mzunguko wa data nimeupeleka milisekunde 64, kikomo 192. Kuongeza zaidi nimekataa, maana mawasiliano yakikatika kweli mzigo utaendelea kutembea muda wote huo.

Siku ya 9 leo. Imesimama mara moja tu, nami ndiye niliyechomoa kebo ya antena nikipima.