Kwenye kikao rasmi, "shikamoo mama" ni heshima au dharau?

Swali: Juzi kwenye kikao cha wadau wa elimu huku mjini, meza kuu wamekaa wanne wote wana uzamivu. Emsii anapita nao: shikamoo dokta, shikamoo dokta, shikamoo dokta, akifika kwa mwanamke, shikamoo mama! Na huyo mama ndo alimsimamia mmoja wao chuoni. Sawa hiyo?

Wa Mbagala: Mnakuza mambo, mama ni cheo kikubwa kuliko vyote. Halafu dokta ni wa hospitali bana, hao wengine ni wasomi tu.

Mzee wa Itifaki: Mama ni heshima kweli, hapo sikukatalii, ila ya nyumbani na mtaani. Ukishawapa watatu cheo cha shule na mmoja ukampa cha uzazi, ukumbi unasikia watatu wamekuja kuongea na mmoja kawasindikiza. La hospitali umekosea, mwenye uzamivu ni Dkt. kwa maandishi na kwa mdomo, ila akiwa profesa usimwite dokta, umemshusha. Mi naendesha shughuli hizi, kabla hatujaanza nazunguka na kikaratasi, kila wa meza kuu aniandikie anavyotaka kuitwa, maana yupo mhandisi anayetaka mhandisi na yupo profesa anayetaka mwalimu tu. Shikamoo za mmoja mmoja siwekagi, utamwamkia mdogo wako bila kujua, natupia "wakubwa shikamooni" moja ya ukumbi mzima, namtaja mgeni rasmi kwa cheo kamili, waliobaki itifaki imezingatiwa. Ila kama umeamua kutaja vyeo vya watu basi taja vya wote.

Baba Wawili: Mi nina 43 tu ila kila benki nikiingia, mzee karibu, mzee kaa hapa, kisa mvi. Hilo nalo mliseme.

Kijana wa Tabata: Mzee ofisini siku hizi ni sawa na bosi, pokea tu 😂. Me naona vyeo vimezidi, zamani ilikuwa ndugu kwa wote na chamani bado wanasema ndugu. Nyerere aliacha kufundisha Pugu 1955, udaktari wa heshima akapewa kibao, na bado tunamwita Mwalimu.

Mzee wa Itifaki: Mwalimu alichagua mwenyewe kubaki Mwalimu, huyu mama nani kamuuliza?

Dada wa Kimara: Mi bibi yangu wa miaka 70 na kitu akiingia kwa daktari anamwamkia shikamoo dokta, mtoto mwenyewe umri wa mjukuu wake, na kijana anaitikia marahaba bila wasiwasi. Mnaliongeleaje hilo?

Wa Mbagala: Pale shikamoo inaenda kwa koti jeupe, siyo umri.

Dada wa Kimara: Basi kijana angemuwahi yeye. Shikamoo bibi, mi ndo daktari wako leo. Shida iko wapi?

Mzee wa Itifaki: Hilo sasa siyo langu, mi naishia ukumbini.