Bili ya siku 364 ililipa zaidi ya 182: je, soko lilitarajia riba ipande?

Mvuvi wa Minada
Katikati ya 2024 bili ya Hazina ya Kenya ya siku 364 ililipa juu kidogo ya ile ya siku 182. Maana yake soko lilitarajia riba ipande. Kufika Desemba ya siku 182 ilikuwa imeporomoka hadi karibu asilimia 10. Kwa nini bado tunaambiwa kwamba riba ndefu ni matarajio ya riba fupi zijazo?

Hesabu Kwanza
Soko halikusema riba itapanda. Chukua namba za mviringo: siku 182 kwa asilimia 16, siku 364 kwa 16.5. Bei za minada ya Kenya hukokotolewa kwa riba sahili, mwaka wa siku 365. Kwa hiyo shilingi 100 kwenye bili ya nusu mwaka inarudi 107.98. Ukiiweka tena nusu mwaka kwa 16 ile ile, unatoka na 116.59. Bili ya siku 364 inakupa 116.45 tu. Aliyenunua ile ndefu amekubali nusu ya pili impe chini ya 16. Kiasi gani?

```
f = ((1 + R*364/365)/(1 + r*182/365) - 1)*365/182
```

Weka R = 0.165 na r = 0.16, unapata 0.1574. Riba ya mbele, yaani ile ya nusu ya pili iliyofichwa ndani ya bei za leo, ni asilimia 15.74. Ili ifike 16, bili ya siku 364 ingebidi ilipe 16.64. Na katikati ya 2024 pengo kati ya bili hizo mbili lilikuwa dogo kuliko hilo la mfano wangu.

Kijana wa Hati Fungani
Mara mbili 16.5 toa 16 ni 17. Hivyo ndivyo kila mtu sokoni anavyofanya, na hakuna aliyefilisika. Mnapenda kutisha watu kwa fomula.

Hesabu Kwanza
Ndugu, njia yako inafaa pale riba zote mbili zinapokuwa zimekokotolewa kwa mchanganyiko wa aina moja, kwa mfano zote kwa miezi sita sita. Hapa 16.5 ni riba ya mwaka mzima isiyozaa katikati, na 16 inazaa baada ya siku 182. Riba zikiwa asilimia 3 kosa halionekani. Zikiwa 16 linakuwa zaidi ya asilimia 1 nzima, na linageuza jibu kutoka "itashuka" kuwa "itapanda".

Kijana wa Hati Fungani
Sijasema fomula ni mbovu. Nimesema watu hawaitumii. Kama wanunuzi wanahesabu 17, basi matarajio yao ni 17, hata ukipiga kelele.

Dada wa Ushuru
Nyote mmesahau kodi ya zuio ya asilimia 15.

Mvuvi wa Minada
Kodi inakata bili zote mbili sawasawa, kwa hiyo haibadilishi kitu.

Dada wa Ushuru
"Sawasawa" si kweli, na inaudhi kusomewa hivyo kila tukizungumzia bili. Chukulia kodi inakatwa kila bili inapoiva. Anayezungusha, yaani anayenunua ya siku 182 mara mbili mfululizo, anakatwa mara mbili, kwa hiyo nusu ya pili anaanza na mtaji mdogo zaidi. Baada ya kodi, 100 inakuwa 106.78 kwa siku 182 na 113.99 kwa siku 364. Gawanya, rudisha kwenye riba kabla ya kodi, unapata 15.92 badala ya 15.74. Na mifuko ya pensheni isiyokatwa kodi inabaki na 15.74. Mnada mmoja, riba mbili za mbele. Ni ya nani mnayoiita matarajio ya soko?

Mama Akiba
Samahanini wakubwa. Nina laki tano. Niweke siku 364 au nizungushe za siku 182?

Dada wa Ushuru
Mama, kwa namba za mfano huu tu: kama unaamini nusu mwaka ijayo bili itatoka zaidi ya 15.92, zungusha. Chini ya hapo, funga mwaka. Chukua matokeo ya mnada wa wiki hii, weka namba zako.

Mvuvi wa Minada
Turudi kwenye hoja. Tuseme riba ya mbele ilikuwa karibu 15.7. Riba halisi ikaja 10. Nadharia imekosea kwa karibu asilimia 6!

Mlinzi wa Takwimu
Huo ni mwezi mmoja. Matarajio ya kweli yanaweza kukosea sana katika kipindi chenye mambo mapya: Benki Kuu ilikuwa na riba ya msingi ya 13 hadi Agosti 2024, kisha ikaanza kuipunguza, ikafika 11.25 Desemba. Kinachopimwa ni kama makosa yana mpangilio uliokuwa ukionekana tangu mwanzo. Siku 182 ni wiki 26 kamili, kwa hiyo mnada wa leo unaoana na mnada wa wiki ya 26 bila kukisia tarehe. Endesha hii, t ikiwa wiki ya mnada na e kosa linalobaki:

```
r[t+26] - r[t] = a + b*(f[t] - r[t]) + e
```

Nadharia inataka b iwe 1. Ile a inaruhusiwa kuwa hasi, ndiyo malipo ya kudumu ya kufunga pesa muda mrefu.

Kijana wa Hati Fungani
Mimi niliweka r[t+26] upande mmoja na f[t] upande mwingine. R mraba ilikuwa juu sana. Nadharia imesimama, tumalize.

Mlinzi wa Takwimu
Kaka, hapo umepima tu kwamba riba ikiwa juu leo huwa juu hata baadaye. Weka r[t] badala ya f[t], utaona R mraba bado iko juu. Ndiyo maana tunatoa r[t] pande zote mbili.

Lakini nako kuna shimo. Riba ya siku 182 ya wiki moja ikitoka na kasoro, tuseme zabuni zilikuwa chache, kasoro hiyo inaingia mara moja kushoto na takriban mara mbili kulia, kwa alama ile ile. Peke yake inaivuta b kuelekea nusu. Ukipata 0.5, usikimbilie kuandika kwamba nadharia imekufa.

Jambo la pili: minada ya kila wiki ya miaka kumi ni kama 520, ila makosa ya wiki 26 yanalaliana. Vipindi vinavyojitegemea ni kama 20 tu. Programu isiporekebishwa ihesabu uhusiano wa makosa hadi angalau wiki 25 nyuma, itakuonyesha uhakika usiokuwepo.

Hesabu Kwanza
Na kati ya 2016 na 2019 kulikuwa na sheria ya kufunga riba za mikopo, benki zikaegemea karatasi za serikali. Mimi ningekitenga kipindi hicho.

Mlinzi wa Takwimu
Ukikitenga unabaki na vipindi 13 au 14. Fama na Bliss mwaka 1987, kwa data ndefu ya Marekani, waliona riba za mbele zikitabiri vibaya riba ya mwaka unaofuata lakini vizuri zaidi miaka ya mbele zaidi. Sisi tuna bili ya mwaka mmoja tu.

Dada wa Ushuru
Hakuna aliyetaja kwamba Benki Kuu hukataa zabuni za juu. Wastani unaotangazwa ni wa zilizokubaliwa. Ikikata zaidi kwenye siku 364, riba ya mbele inashuka bila mnunuzi yeyote kubadili matarajio.

Mvuvi wa Minada
Basi ile 15.7 huenda ilikuwa matarajio ya Hazina, si yetu.

Kijana wa Hati Fungani
Nami bado nasema wanunuzi walihesabu 17.