Mrejesho: drifti ya Karl Fischer kwenye mafuta ya transfoma

Niliuliza: "Drifti ya mashine yangu ya kulometri ya kupimia maji, yaani maji inayoyasoma kila dakika hata bila sampuli, haishuki chini ya mikrogramu 48 kwa dakika, na taitresheni ya mafuta ya transfoma haifiki mwisho. Nifanyeje?"

Asanteni sana wakuu. Nilibadilisha kizibo cha mpira kilichochoka kwa sindano na chembe za kukaushia hewa, drifti ikashuka hadi 30 tu. Kilichosaidia hasa ni ushauri wa kuinamisha seli taratibu ili kimiminika kioshe kuta za juu. Drifti ilipanda ghafla, kisha baada ya nusu saa ikatulia kwenye 6. Kumbe unyevu ulijificha kwenye glasi! Gramu 5 za mafuta yenye ppm 20 zina mikrogramu 100 za maji. Kwa dakika tatu, drifti ya zamani ilileta 144, zaidi ya maji ya sampuli yenyewe.

Mafuta mapya sasa yanafika mwisho vizuri, baada ya kuongeza zailini yasibaki matone matone kwenye methanoli. Yaliyotumika bado yananisumbua: sampuli ikiingia, drifti hairudi tena 6. Nashuku yana vitu vinavyokula iodini ya kupimia maji, kwa hiyo hayo nitayapima kwa oveni, mvuke pekee uingie kwenye seli.