Mrejesho: Picha ya kamera iliyonifananisha na mwizi, Kampala

Niliuliza: "Polisi walinikamata kwa sababu picha ya kamera inafanana nami. Wameniachia kwa dhamana. Nisafisheje jina?"

Ndugu zangu, asanteni. Kosa langu lilikuwa kudhani dhamana imemaliza kesi, kumbe faili lilikuwa bado wazi na nilitakiwa kuripoti. Wakili aliniambia nisibishane kuhusu sura, maana kufanana ni fununu tu ya kuanzia upelelezi. Nithibitishe nilikuwa wapi.

Saa ya tukio ilikuwa mbili na dakika kumi usiku. Kwenye daftari la zamu kazini kuna sahihi yangu ya saa mbili kasoro, na kwenye simu nina ujumbe wa pesa niliyotuma saa mbili na robo. Tulipeleka nakala kwa mpelelezi, wakagonga muhuri nakala yetu, tukaomba faili lifungwe. Lilifungwa, nikapewa barua. Ninaitunza kama kitambulisho.

Sasa naomba cheti cha tabia njema, nione kama alama za vidole nilizochukuliwa bado zinaniandama. Fidia nayo naidai: ibara ya 23 ya Katiba inaitaja, na nililala mahabusu siku tatu, ilhali ukomo ni saa 48 kabla ya kufikishwa mahakamani.