Flashi ya GB 256 yenye picha nusu: H2testw, F3 au ValiDrive, ipi inasema kweli?

Kasuku
Wakuu, naomba ulinganisho kutoka kwa aliyezitumia. Nina flashi imeandikwa GB 256, na Windows inaonyesha 238. Nilihamishia picha na video za nyumbani, kama GB 40 hivi. Folda zote zipo, majina yapo, hata ukubwa wa kila faili unaonekana. Nikizifungua, zile nilizokopi mwanzo ziko safi, ila kuanzia mahali fulani picha zinakuja nusu ya kijivu, na video hazichezi kabisa. Nashukuru sikuwa nimefuta za kwenye laptopu.

Nimeifomati kwa ile njia ndefu, ikamaliza bila kulalamika. Nimeona watu wanataja programu za kupima flashi: wengine H2testw, wengine F3, wengine ValiDrive. Nianze na ipi, na kwa nini fomati haikuona kitu?

Mudi99
Hiyo ni feki, huhitaji programu yoyote. Imeandikwa 256 inaonyesha 238, GB 18 zimeenda wapi? Mimi nikipewa flashi mpya nakopi filamu moja ya GB 3 na kuicheza mpaka mwisho. Ikicheza, ni nzima.

Fundi Sefu
Mudi, kwenye 238 umekosea, na ni vizuri tulimalize hili kwanza maana watu wengi hurudisha flashi nzima dukani kwa sababu hiyo. Mtengenezaji anahesabu GB 1 kuwa baiti bilioni 1. Windows inahesabu 1024 mara 1024 mara 1024, yaani baiti 1,073,741,824, lakini bado inaiita GB. Gawanya bilioni 256 kwa namba hiyo utapata 238.4. Kwa hiyo 238 ndiyo namba inayotakiwa, na flashi feki iliyotengenezwa kwa uangalifu itaionyesha hiyohiyo.

Filamu ya GB 3 nayo haitoshi. Itaangukia kwenye sehemu ya kweli ya chipu, na hapo kila kitu ni kizima. Tena ukiicheza papo hapo, kompyuta inaweza kukusomea nakala iliyobaki kwenye RAM yake bila kuigusa flashi.

Kasuku, tatizo linaanzia kwenye kontrola. Ndani ya flashi kuna vitu viwili vikubwa: chipu inayotunza data, na kontrola inayozungumza na kompyuta. Kompyuta haina namna ya kuichungulia chipu. Inauliza kontrola, "Una sekta ngapi?" na inaamini jibu. Viwandani kuna programu za kuipanga kontrola iendane na chipu iliyofungwa, na mdanganyifu hutumia hizohizo kuandika namba kubwa. Chipu ni ya GB 16, jibu ni 256.

Ukikopi faili ya kwanza inakaa vizuri. Chipu ikijaa, kontrola inaendelea kujibu "nimepokea" kwa kila sekta, na data inatupwa. Kuna aina nyingine ambayo haitupi: inazunguka na kurudi mwanzo, inaandika juu ya ulichoweka kwanza. Hiyo huigusa haraka orodha ya mafaili, kwa hiyo flashi inaanza ghafla kuomba kufomatiwa. Yako inaonekana ni aina ya kwanza. Orodha ya majina na ukubwa kwa kawaida hukaa karibu na mwanzo wa flashi, kwenye sehemu ya kweli. Ndiyo maana unaona folda zote kamili wakati ndani hakuna kitu.

Fomati ndefu inaandika sifuri kila mahali na kusubiri kuambiwa kama kuna kosa. Kontrola haitoi kosa. Ili kuikamata lazima kila sekta iandikwe kitu tofauti na nyingine, kisha zote zisomwe na kulinganishwa. Kazi hiyo ndiyo ya H2testw na ya F3. Anza na H2testw kwa kuwa uko Windows. Flashi iwe tupu, chagua "all available space", bonyeza "Write + Verify", ulale.

Mwanahamisi
Samahani kuingilia. Hii programu inarudisha picha? Kamera yangu ya gari ina memori kadi ya GB 128, na video za wiki iliyopita zipo kwenye orodha lakini hazifunguki.

Fundi Sefu
Hapana dada, tena usiiendeshe kwenye kadi hiyo kwanza. H2testw haifuti mafaili yaliyopo, lakini inajaza nafasi yote iliyobaki, na kama kadi ni ya aina ya kuzunguka itakanyaga hata kile kidogo kilichosalimika. Kopi kwanza vinavyofunguka. Kama ni feki, vilivyopotea ama vilitupwa ama vilikanyagwa, kwa hiyo hakuna programu ya kuvirudisha. Ila kamera ya gari huandika bila kupumzika na huchosha kadi, kwa hiyo yako inaweza kuwa halisi iliyochakaa. Ukishaokoa vya kuokoa, jaribu.

Nyuzi
Mimi niko Linux na nasimama upande wa F3. Ina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. `f3write` na `f3read` zinafanya kama H2testw, hata mafaili yake yanaishia na `.h2w` vilevile. Halafu kuna `f3probe`, ambayo haijazi flashi. Inaandika sehemu chache zilizochaguliwa na kuangalia zipi zinabaki, kwa dakika chache tu.

```
sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb
```

Angalieni jina la kifaa kwa `lsblk` kabla ya kubonyeza. Neno `--destructive` linamaanisha haitarudisha kilichokuwepo, na ukikosea herufi moja ni diski yako inayoumia. Ikikuta udanganyifu inataja na aina: "limbo" ndiyo ile inayotupa, "wraparound" ndiyo inayozunguka. Kwa nini mtu alale akisubiri H2testw?

Fundi Sefu
Kwa sababu kupima sehemu chache kunajibu swali moja tu: kontrola inadanganya kuhusu ukubwa au la? Kwa swali hilo `f3probe` ni nzuri, na ValiDrive kwa Windows ni nzuri pia. ValiDrive inapima sehemu 576 zilizotawanywa kwenye flashi nzima na kuchora ramani ya rangi, na inajitahidi kurudisha data iliyokuwepo, ingawa mimi siipimi nayo flashi ambayo sina nakala ya vilivyomo. Lakini chipu yenye sekta mbovu hapa na pale inaweza kuziponyoka zote mbili. Mimi nachuja kwa njia ya haraka, na ile itakayobeba vitu vya maana naipima yote.

Nyuzi
Hilo nakubali kwa chipu mbovu. Kwa ukubwa wa uongo peke yake, bado sioni haja ya usiku mzima.

Kasuku
Nimerudi. Ilichukua kama saa 11: saa 7 na kidogo za kuandika, na karibu 4 za kusoma. Matokeo:

```
The media is likely to be defective.
14.6 GByte OK (30617600 sectors)
223.7 GByte DATA LOST (469131264 sectors)
Writing speed: 9.42 MByte/s
Reading speed: 17.8 MByte/s
```

Nimeumia, lakini sasa najua. Swali langu ni kasi. Kwenye boksi imeandikwa USB 3.0, na nilipokuwa nakopi picha Windows ilianza kwa megabaiti 150 kwa sekunde.

Fundi Sefu
Sekta 30617600 mara baiti 512 ni kama baiti bilioni 15.7. Hiyo ni chipu ya GB 16 kweli kweli.

Ile 150 ni ya RAM. Kompyuta inapokea faili haraka, inaiweka pembeni, halafu inaisukuma kwenye flashi kidogo kidogo. Ndiyo maana unaona mstari unakwenda mbio, kisha unakwama kwenye asilimia 99, au unaambiwa usichomoe bado. Kasi ya kuamini ni ile ya baada ya gigabaiti kadhaa kupita. Flashi nyingi halali nazo zina kipande kidogo cha chipu chenye mbio kinachopokea mwanzo, kikijaa zinashuka sana. H2testw imekupa wastani wa safari nzima, kwa hiyo 9.42 ndiyo kasi yako.

Ila usichanganye mambo mawili. Flashi inaweza kuwa na ukubwa wa kweli na ikaandika kwa 9. Upole peke yake hauthibitishi feki. Kwa memori kadi alama zina ahadi maalumu: duara lenye 10 linaahidi kuandika mfululizo kwa angalau megabaiti 10 kwa sekunde, V30 angalau 30. Kadi yenye V30 inayoandika kwa 9 kwenye kisomaji kizuri hapo una haki ya kulalamika.

Nyuzi
Na kama ni USB 3.0 kweli, Linux itakuambia. Chomeka kwenye tundu la 3.0 na uandike `lsusb -t`. Ukiona `480M` mbele ya flashi, hayo ni mawasiliano ya USB 2.0, plastiki ya buluu isikudanganye. Ikiwa 3.0 utaona `5000M`.

Mudi99
Sawa, kwenye 238 nimekubali. Sasa si aifomati iwe GB 16 aendelee kuitumia?

Fundi Sefu
Kufomati peke yake hakupunguzi ukubwa. Anatakiwa afute patisheni iliyopo, atengeneze mpya ya megabaiti 14000 mwanzoni, na nafasi iliyobaki aiache bila kuigusa. Achague mpangilio wa patisheni wa MBR na si GPT, kwa sababu GPT huandika nakala yake ya pili mwisho kabisa wa kifaa, na mwisho huo haupo. Kisha aipime tena hiyo patisheni nzima.

Mimi binafsi nisingeweka humo kitu ambacho sina pengine. Aliyedanganya ukubwa sina sababu ya kuamini alichagua chipu nzuri.

Nyuzi
Mimi ninayo moja niliyoipunguza kwa `f3fix`, nahamishia mafaili nayo mwaka wa pili sasa. Haijanisumbua.

Kasuku
Nimefanya hiyo ya 14000, nikaipima yote kwa H2testw, nikaichomoa, nikairudisha, nikabonyeza "Verify" peke yake kwenye mafaili yaleyale ya majaribio. "Test finished without errors." Nitaitumia kuhamishia nyaraka za kuchapisha tu.

Mwanahamisi
Nimeokoa vilivyofunguka, mdogo wangu akaipima kadi kwa F3. Anasema karibu GB zote ni "Data OK", ila kuna megabaiti 3 "Corrupted", zimetawanyika tawanyika. Ni feki au si feki?

Fundi Sefu
Ya feki huwa na mpaka: upande mmoja data ni nzima, upande wa pili haipo. Zikitawanyika hivyo, ni kadi inayokufa au kisomaji kibovu. Mwambie aisome tena kwa `f3read` peke yake akitumia kisomaji kingine, bila kuandika upya. Makosa yakitoweka, huenda ni kisomaji. Yakibaki palepale, huenda ni kadi.

Mwanahamisi
Kisomaji kingine anakipata kesho jioni. Nitaleta majibu.