Mjadala: Bilioni 2.4 kwenye wasifu zinasomwaje?

Aliyeuliza, Area D: Shirika letu dogo hapa Dodoma linatafuta ofisa ruzuku. Tangazo linataka mtu aliyeleta angalau shilingi bilioni 1 ndani ya miaka 3, aliyezoea wafadhili wa kibalozi na wakfu, na maandiko yake ya kuomba fedha yashinde asilimia 40. Mmoja kaandika bilioni 2.4, asilimia 75. Mwingine milioni 310, asilimia 25. Mwenyekiti anasema wa pili asiitwe. Ni haki?

Mfanyabiashara, Majengo: Mbona rahisi? Mwiteni wa bilioni, mpeni asilimia kumi ya kila anacholeta. Asipoleta hali.

Mama wa Kisasa: Kaka, hiyo ni biashara ya magunia. Fedha ya ruzuku ina bajeti yake, na hakuna mstari wa kumlipa dalali. Hata maadili ya fani yenyewe yanakataza malipo ya namna hiyo.

Turudi kwenye wasifu. Nimechuja maombi ya kazi hii miaka mingi, na namba kubwa huwa naifungua kama kitumbua, nione ndani kumeiva. Muulizeni wa kwanza, hizo bilioni 2.4 zimetoka wapi?

Aliyeuliza: Tulimpigia simu. Bilioni 2 ni muungano wa mashirika matano, mkataba wa miaka minne. Milioni 300 ni mikataba minne iliyoongezwa na wafadhili wa zamani. Milioni 100 ni mfadhili mpya.

Mama wa Kisasa: Na katika zile bilioni 2, fungu la shirika lake?

Aliyeuliza: Milioni 400.

Mama wa Kisasa: Basi ni milioni 100 kwa mwaka, tena muulizeni nani aliandika. Kuna anayeongoza andiko, na kuna anayetumiwa barua pepe alete aya mbili na nakala ya cheti cha usajili. Wote wawili huandika "nilishiriki kupata bilioni 2". Swali langu ni moja: mfadhili aliporudisha bajeti na maswali kabla ya kusaini, nani aliyajibu? Aliyejibu atakumbuka hata mstari uliopunguzwa. Mwingine ataanza kusema "timu yetu".

Mhasibu, Nkuhungu: Hata hivyo asilimia 75 ni asilimia 75. Ametuma nane, kashinda sita. Hesabu haidanganyi.

Mama wa Kisasa: Haidanganyi, mdogo wangu, ila angalia nane zipi. Nne ni za kuongezewa mkataba, ambako mfadhili tayari anakujua. Moja ni ya muungano. Zinabaki tatu za kubisha mlango mgeni, na kashinda moja. Halafu muulizeni maandiko dhana, yale ya kurasa chache yanayotangulia. Wengi wakikataliwa hapo hawahesabu, wanasema "hatukuwa tumeomba bado".

Aliyeuliza: Alikiri matano yalikataliwa.

Mama wa Kisasa: Moja kati ya nane, basi. Huyo wa pili je?

Aliyeuliza: Ametuma 20, kashinda 5, wote wafadhili wapya. Balozi mbili, wakfu tatu.

Mhasibu, Nkuhungu: Hapo nimenyamaza. Lakini milioni 310 haifiki bilioni, na tangazo ni tangazo. Mkimwita, mtawajibu nini waliosoma sharti wakaacha kuomba?

Dada wa Kongwa: Samahani, naomba niseme langu. Miaka saba nimeandikia mfadhili mmoja, USAID. Januari 2025 misaada ikasimamishwa, Julai shirika hilo likafungwa. Wasifu wangu una fedha nyingi, aina moja ya mfadhili. Kila ninapoomba naambiwa sina "uzoefu mpana". Nilijifunza fomu zao, bajeti zao, ukaguzi wao. Hayo yote ni bure?

Mama wa Kisasa: Si bure, mama. Nidhamu ya bajeti na ripoti inahama nawe. Kisichohama ni mahusiano, na namna ya kumwandikia ofisa wa wakfu anayetaka kurasa tatu, si themanini. Kwenye wasifu tenganisha hayo mawili, usirundike. Ila sitakudanganya, kwa shirika linalotaka fedha ndani ya miezi sita, ningesita.

Mhasibu, Nkuhungu: Na shirika lenyewe? Huyo wa asilimia 25 anaweza kuwa alipoteza 15 kwa sababu mwajiri wake hakuwa na hesabu zilizokaguliwa, si kwa kalamu yake.

Mama wa Kisasa: Kweli kabisa, hilo nilikuwa nimelisahau. Ndiyo maana simlinganishi mtu wa shirika kubwa na wa kikundi bila kuuliza.

Aliyeuliza: Nimewaomba wote wawili jedwali: mwaka, aina ya mfadhili, kiasi kilichoombwa, kilichotolewa, nani aliandika, na zinazosubiri majibu zikae pembeni. Wa pili kaleta jioni ileile. Wa kwanza anasema nyaraka ni za mwajiri, hawezi kuzitoa.

Dada wa Kongwa: Huenda anasema kweli. Kwangu pia tulizuiwa.

Mama wa Kisasa: Asitoe nyaraka. Mwaka, aina na kiasi havihitaji nyaraka, wala jina la mfadhili.

Aliyeuliza: Nimemjibu hivyo. Mwenyekiti bado anang'ang'ania bilioni.