Tiba ya umeme kwa sonona sugu: pande mbili, upande wa kulia, au ketamini?

Mtoto wa Busia
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kabla ya Alhamisi. Kaka yangu mkubwa amelazwa hapa Kampala kwa sonona ambayo imegoma kusikia dawa, na daktari ametukabidhi karatasi ya ridhaa ya tiba ya mshtuko wa umeme. Mahali pa kutia sahihi pana visanduku viwili: kimoja ni cha umeme kupitishwa pande zote mbili za kichwa, na kingine ni cha upande wa kulia peke yake. Binamu yetu anasema tuachane na vyote viwili, tutafute ketamini. Kaka ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo huko Jinja, kwa hiyo kumbukumbu ndiyo riziki yake. Katika njia hizi tatu, ninyi mngechagua ipi?

Ganzi na Usingizi
Ndugu yangu, swali lako halijibiki jinsi lilivyo. Ana umri gani? Amekunywa dawa zipi, kwa kipimo gani, na kwa wiki ngapi? Sonona huitwa sugu baada ya angalau dawa mbili tofauti kutumika kwa kipimo kamili na kwa muda wa kutosha. Mtu aliyekunywa amitriptilini kidonge kimoja cha usiku ili apate usingizi hajaijaribu dawa hiyo kama tiba ya sonona. Tena, je, anakula? Anakunywa maji? Kuna mambo anayoyaamini ambayo ninyi mnajua kwamba si kweli? Na ni dawa gani nyingine anayomeza ambayo daktari hakuiandika? Bila majibu hayo tutakuwa tunabahatisha.

Mwalimu wa Arua
Mimi namuunga mkono binamu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 uliwalinganisha wagonjwa wa sonona sugu, nusu wakapewa ketamini kwa mshipa na nusu umeme. Walionufaika kwa ketamini walikuwa kama 55 kwa kila 100, na kwa umeme 41. Kumbukumbu nayo iliathirika zaidi kwa waliopata umeme. Sioni kwa nini mhasibu apitishwe njia ya umeme wakati ketamini imejaa katika vyumba vyetu vya upasuaji.

Mama Salama
Samahani, mimi sijaelewa. Mpwa wangu ana kifafa, na tumeambiwa kila degedege ni hatari kwake. Inakuwaje hospitali imsababishie mtu degedege kwa makusudi? Na kama ketamini ni dawa ya usingizi, si ataipata hata hivyo wakati wa kupigwa umeme?

Ganzi na Usingizi
Mama, degedege la kifafa huja bila mpango, mtu huanguka na kuumia, na wakati mwingine halikomi. Hili la tiba huanzishwa mgonjwa akiwa amelala, hewa ya oksijeni inaingia, misuli imelegezwa, na kwa kawaida hukoma lenyewe ndani ya dakika moja. Bila degedege hilo hakuna tiba, na umeme ndio njia ya kulianzisha. Kuhusu ketamini, kipimo cha sonona ni nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, ikidondoshwa taratibu kwa dakika 40, na mgonjwa yuko macho. Cha kulaza mtu kwa upasuaji ni mara mbili hadi nne ya hicho, na huingizwa kwa mkupuo. Dawa ni moja, lakini kazi hizo mbili hazifanani.

Mwalimu, umenukuu vizuri, ila umeacha jambo. Utafiti huo haukuwapokea wagonjwa wenye imani potofu zinazoletwa na sonona, na wengi wao walikuwa wakitibiwa huku wakilala nyumbani. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2022 uliwachukua waliolazwa wodini, na huko umeme ulishinda: waliopona walikuwa 63 kwa kila 100, na kwa ketamini 46. Ndiyo maana nilimuuliza mwenye mada kuhusu kula na kuhusu imani.

Hajati wa Bombo
Mwanangu wa Busia, nitakueleza yaliyonipata, kwa kuwa karatasi niliyotia sahihi mimi ilisema kwa mstari mmoja tu kwamba "mgonjwa anaweza kusahau kwa muda mfupi". Nilitibiwa kwa pande mbili, mara tatu kwa wiki. Nilipona, hilo silikani. Nilikuwa nimeacha hata kuoga, lakini baada ya tiba nilirudi dukani kwangu. Ila miezi iliyotangulia tiba imebaki na mashimo hadi leo. Shemeji yangu alikuja akasema kwamba nilikubali auze ng'ombe wangu wawili ili tulipe ada za shule. Huenda nilikubali, huenda sikukubali. Nilimtazama usoni nikitafuta jibu ndani yangu, nisilipate. Wateja walioniambia wamekwisha kulipa madeni yao, niliwaamini wote, kwa sababu ningewabishia kwa ushahidi gani? Namba ya siri ya pesa za simu ilinitoka pia, na kijana mmoja wa familia akajitolea "kunisaidia" kuibadilisha.

Kujifunza mambo mapya kulirudi baada ya wiki chache, nikaanza tena kukumbuka nilichoambiwa asubuhi. Yale ya zamani yaliyofutika hayakurudi yote. Kwa hiyo, kabla ya Alhamisi, kaeni na kaka mwandike katika daftari moja nani anamdai, yeye anamdai nani, ameahidi nini kwa nani, na funguo ziko wapi. Mtu mmoja anayeaminika alishike daftari hilo. Asitie sahihi mkataba wowote mpaka tiba iishe na kichwa kitulie.

Muuguzi Mstaafu
Pole sana Hajati. Kwa maoni yangu kila mgonjwa anayeishi kwa akili yake aanzie upande wa kulia, wala sioni sababu ya mjadala. Utafiti wa Dublin uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa upande wa kulia, ukipewa kwa nguvu ya kutosha mara mbili kwa wiki, haukupitwa na pande mbili katika kutibu, na uliharibu kumbukumbu kidogo zaidi.

Mtoto wa Busia
Nawashukuru wazee wangu. Nilificha mengine kwa aibu. Kaka ana miaka 52. Alikunywa fluoksetini, ikapandishwa hadi miligramu 40 kwa miezi mitatu, kisha amitriptilini kwa kipimo ambacho daktari alisema kimetosha. Anaamini ameiba fedha zote za chama na kwamba polisi wako getini, ingawa wakaguzi wamepitia vitabu na hakuna shilingi iliyopotea. Kwa sababu hiyo hali chakula, akisema ni cha watoto wa aliowaibia. Tangu juzi anapokea maji kwa kijiko tu. Shemeji amekiri pia kwamba humpa vidonge vya diazepamu vya usiku kutoka duka la dawa la mtaani.

Ganzi na Usingizi
Sasa tunaweza kuzungumza. Imani hiyo ya wizi pamoja na kukataa chakula ndiyo hali hasa ambayo tiba ya umeme huifanyia kazi vizuri kuliko kitu kingine tulicho nacho, na ndiyo hali ambayo ushahidi wa ketamini ni hafifu. Mtu asiyekunywa maji hahesabiwi kwa miezi.

Diazepamu mwambieni daktari leo, wala msiikate ghafla wenyewe. Dawa hiyo huzuia degedege, na hudhoofisha zaidi tiba ya upande wa kulia. Mara ya kwanza daktari hutafuta kiwango kidogo kabisa cha umeme kinacholianzisha degedege. Baada ya hapo, kwa pande mbili hutumia kama mara moja na nusu ya kiwango hicho, lakini kwa upande wa kulia huhitaji mara tano au sita. Mwanamume wa umri huo, akiwa na diazepamu mwilini, kiwango chake cha mwanzo kinaweza kuwa juu kiasi kwamba mashine inafika kikomo kabla ya kufikia mara sita. Hapo mnapata degedege zuri kwa macho lakini tiba dhaifu, mgonjwa habadiliki, na watu wanasema umeme haufai.

Kwa usingizi, ulizeni kama dawa ya kulegeza misuli itatumika, kwa maana karatasi nyingi husema "dawa ya usingizi" na kunyamaza. Bila ya kulegeza misuli mifupa huweza kuvunjika, na Shirika la Afya Duniani linapinga kabisa utaratibu huo. Dalili ya timu inayojua kazi ni kwamba hufunga mkanda wa kupimia presha kwenye kifundo cha mguu mmoja na kuukaza kabla ya kuchoma suksametoniamu, yaani dawa hiyo ya kulegeza misuli, ili isifike kwenye mguu huo, usilegee, na degedege lionekane pale. Tajeni kama kuna ndugu aliyechelewa kupumua mwenyewe baada ya upasuaji, kwa kuwa wapo wanaorithi mwili usioivunja dawa hiyo upesi. Tajeni pia meno yanayolegea.

Muuguzi Mstaafu
Hata hivyo sibadilishi msimamo wangu, ila nakubali kwamba pande mbili huleta nafuu mapema zaidi, na kwa mtu wa kijiko cha maji hilo lina uzito. Mkichagua pande mbili, ombeni wauguzi wapime kila mara inachukua dakika ngapi tangu azinduke hadi ajue jina lake, mahali alipo, umri, siku ya kuzaliwa na siku ya leo. Dakika zikizidi kuongezeka, ni onyo kwamba kumbukumbu za nyuma zinaumia, na daktari anaweza kupunguza kutoka mara tatu hadi mbili kwa wiki au kuhamia upande wa kulia. Karatasi inasemaje kuhusu baada ya tiba? Katika utafiti maarufu wa 2001, waliomaliza tiba wakapewa vidonge visivyo na dawa, 84 kwa kila 100 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi sita. Waliopewa nortriptilini pamoja na lithiamu walikuwa 39.

Mwalimu wa Arua
Nakubali kuhusu ketamini. Lakini tiba ya mazungumzo ya vikundi iliyojaribiwa Masaka na Rakai ilisaidia sana, nayo haifuti ng'ombe wa mtu.

Ganzi na Usingizi
Ilisaidia, kwa watu walioweza kuketi chini ya mti na kusemezana. Iwekeni akiba kwa ajili ya baadaye.

Wakili wa Nakawa
Nani anatia sahihi? Mwenye mada anasema daktari "ametukabidhi karatasi", kana kwamba kichwa ni cha ukoo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilikuja kuondoa mazoea ya ile ya 1964. Mgonjwa aulizwe yeye kwanza, na akikubali ana haki ya kubadili nia hata baada ya mara ya tatu.

Muuguzi Mstaafu
Wakili, mtu anayeamini kwamba kula ni wizi atakukataa, na kesho yake utamzika.

Wakili wa Nakawa
Kuamini uongo kuhusu fedha si lazima kumzuie kuelewa maelezo ya tiba. Mpimeni: arudie kwa maneno yake tiba ni nini, ina madhara gani, na itakuwaje asipoipata. Akishindwa, hospitali ionyeshe kifungu inachokitegemea, isikimbilie sahihi ya shemeji.

Mtoto wa Busia
Nimemuuliza jioni hii. Ameelewa usingizi, ameelewa kusahau, akasema kusahau wizi wake kungekuwa nafuu. Sijui kama hiyo ni ridhaa. Daktari amekubali kupunguza diazepamu polepole, na yeye anapendelea pande mbili. Mke wa kaka anataka upande wa kulia. Daftari tumelianza, lakini kaka anaamuru tuandike kwamba anadaiwa na chama mamilioni.

Hajati wa Bombo
Hilo la mamilioni liandikeni katika ukurasa wake peke yake, mweke tarehe, na pembeni mbandike nakala ya ripoti ya wakaguzi. Akipona atalisoma daftari hilo, na asipokumbuka alivyokuwa anaumwa, anaweza kuliamini.